Bia za Jumamosi, Mizani ya Ijumaa

Walimu wa mazoezi wa Dar es Salaam wana lalamiko moja ambalo wamelisikia mpaka wamelizoea. Mtu ameacha soda, amepunguza ugali, anakimbia alfajiri, anakula tikiti maji ofisini huku wenzake wakila sambusa, na mwezi unakwisha kitambi kiko palepale. Ukimwuliza anakula nini, atakutajia bila kusita vyakula vya Jumatatu mpaka Ijumaa mchana. Kuanzia Ijumaa jioni majibu yanakuwa ya jumla jumla: "Wikiendi nakula kawaida tu, na vibia viwili vitatu na washikaji."

Hivyo vibia viwili vitatu ndivyo tutakavyovifungulia hesabu hapa. Simtoi mtu baa, wala simkaribishi asiyekunywa. Anayekunywa mwishoni mwa wiki na wakati huohuo anataka kupungua anastahili kujua ni kitu gani hasa kinatokea mwilini mwake kati ya Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi, na pombe hiyo aiweke fungu gani katika bajeti ya chakula chake.

Tuanze na chupa yenyewe. Gramu moja ya wanga au protini ina kalori 4 hivi, na gramu moja ya mafuta ina 9. Kileo chenyewe, kile kinacholevya ndani ya kila pombe, kina kalori 7 kwa gramu. Kwa nguvu, basi, kipo karibu zaidi na mafuta ya kupikia kuliko na sukari. Chupa nyingi hazikuandikii kalori, lakini zinakuandikia asilimia ya kileo na ujazo, na hivyo viwili vinatosha.

Bia ya kawaida katika baa za Tanzania huja kwenye chupa ya mililita 500. Tafuta asilimia ya kileo ya ujazo huo, kisha zidisha kwa 5.5. Safari ni bia ya asilimia 5.5, kwa hiyo chupa yake ina mililita 27.5 za kileo, na ukizidisha unapata kalori 151. (Namba ya kuzidishia inatokana na uzito wa kileo, ambacho ni chepesi kuliko maji, na zile kalori 7 za kila gramu. Kufanana kwake na asilimia ya Safari ni bahati tu.) Ongeza kalori kama 70 za wanga unaobaki kwenye bia baada ya kuchachuka, na chupa moja inafika 220. Kilimanjaro, yenye asilimia 4.5, inafika 195 hivi. Tofauti ya chupa kwa chupa ni ndogo. Inayobadilisha hesabu ni idadi ya chupa.

Konyagi haina wanga, na wanywaji wake hupenda kusema kwamba haileti kitambi. Hesabu inasema vingine. Kichupa cha mililita 250 chenye asilimia 35 ya kileo kina kalori kama 480 kabla hakijachanganywa na chochote, na kileo chake kinazidi cha chupa tatu za Safari. Kikichanganywa na soda mbili za tangawizi, kila moja ikiwa na kalori 150 hivi za sukari, tayari unakaribia 800. Ukichanganya na maji ya soda na ndimu, hizo 300 za sukari unaziokoa zote, na kwa anayekunywa Konyagi sijui badiliko jingine rahisi kuliko hilo.

Mbege, ulanzi na mnazi ni shida zaidi, kwa sababu vinaendelea kuchachuka hata baada ya kuuzwa. Mnazi wa asubuhi si mnazi wa jioni. Kwa pombe hizo mimi huona afadhali kuhesabu kila nusu lita kama chupa moja ya bia kali, nikijua kwamba nakadiria.

Msafara unapopita

Wengi huamini kwamba bia ikishuka tumboni inageuka mafuta na kuganda kiunoni. Jambo hili limepimwa. Mwaka 1999 Scott Siler, Marc Hellerstein na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kalifornia, Berkeley, waliwapa wanaume wenye afya gramu 24 za kileo, ambazo ni zaidi kidogo ya chupa moja ya Safari, wakafuatilia zilikoishia. Iliyogeuka mafuta ilikuwa chini ya asilimia 5. Anayesema bia haigeuki mafuta yuko karibu na ukweli.

Lakini jaribio hilohilo lilionyesha jambo jingine. Katika saa zilizofuata, kiasi cha mafuta ambacho miili ya watu wale ilikuwa ikichoma kilishuka kwa asilimia 73. Miaka saba kabla ya hapo, Paolo Suter na wenzake huko Uswisi walikuwa wamewapima watu kwa siku nzima wakiwa ndani ya chumba maalumu kinachopima pumzi, na wakaona uchomaji wa mafuta wa siku nzima unapungua kwa karibu theluthi moja. Ulipungua pale kileo kilipoongezwa juu ya chakula, na ukapungua vilevile pale kilipochukua nafasi ya sehemu ya chakula.

Sababu ni kwamba mwili hauna ghala la kileo. Wanga unaweza kuwekwa kwenye misuli na ini, mafuta yana hifadhi isiyojaa kirahisi, lakini kileo hakina pa kuwekwa na kikikaa kinadhuru. Kwa hiyo ini huacha mengi ya kazi zake na kukishughulikia. Hukigeuza kwanza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, halafu haraka kuwa asetati, na asetati hiyo humwagwa kwenye damu. Misuli na moyo huichoma hiyo kwanza. Mkazi yeyote wa Dar aliyewahi kusimamishwa Barabara ya Nyerere ili msafara wa kiongozi upite anaijua hali hii: gari lako ni zima, tanki limejaa, na hauendi popote mpaka pikipiki ya mwisho ya msafara ipite. Mafuta ya mwilini ndiyo magari yaliyosimamishwa.

Kusimama huko huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyodhani. Ini la mtu wa kawaida huondoa gramu 7 hadi 10 za kileo kwa saa. Chupa ya Safari ina gramu 22 hivi, kwa hiyo kila moja ni kazi ya saa mbili mpaka tatu. Aliyeanza saa moja jioni ya Jumamosi na kumaliza chupa tano ana gramu 110 za kuondoa, na kwa kasi hiyo kazi haiishi kabla ya saa kumi na mbili asubuhi ya Jumapili. Kwa mwenye ini la polepole inafika saa nne, watu wakiwa kanisani. Kahawa haiharakishi, kuoga maji baridi hakuharakishi, na kutoka jasho hakuharakishi.

Hapo huwa kuna tafsiri mbili mbaya. Moja inasema usiku mmoja wa bia umeharibu wiki nzima. Si kweli, kwa sababu asetati ikiisha uchomaji wa mafuta unarudi, na mwisho wa wiki kinachoamua ni jumla ya kalori zilizoingia na zilizotumika. Nyingine inasema basi msafara hauna madhara. Madhara yake yanategemea kilichoingia mdomoni wakati barabara imefungwa. Mafuta ya chipsi, ya nyama ya mbavu na ya mishkaki yanafika kwenye damu wakati hakuna anayeyahitaji, yanapelekwa ghalani moja kwa moja. Na pombe ina tabia ya kuyaita. Mtu akinywa kabla ya kula hula zaidi kuliko angekula bila kunywa, na kalori za kinywaji hazimpunguzii hamu ya sahani. Chapati yenye kalori 220 inashibisha kidogo. Bia yenye kalori 220 inakufanya umwite mchoma nyama.

Wiki ya mtu mmoja

Tumchukue mtu wa kufikirika, mhasibu wa miaka 35 anayeishi Tabata, mwenye kilo 84. Kwa kazi yake ya kukaa na mazoezi machache, mwili wake hutumia kalori 2,500 hivi kwa siku. Ameamua kula 2,000. Upungufu wa kalori 500 kila siku kwa siku 7 ni 3,500, na kwa kuwa kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700, angetegemea kupungua karibu nusu kilo kwa wiki, au kilo moja na robo tatu hivi kwa mwezi.

Jumatatu mpaka Alhamisi anafuata mpango bila kukosea. Ameweka akiba ya kalori 2,000, na mpaka hapo hana lawama.

Ijumaa anafika jioni akiwa amekula 1,300. Badala ya chakula cha nyumbani cha kalori 700 anapata Safari tatu, 660, na chipsi kuku, ambazo kwa mafuta yake ni 900 hivi. Siku inafungwa na 2,860, amezidisha 360. Jumamosi asubuhi anakunywa supu na chapati mbili, 700. Mchana anakula nyumbani, 750. Jioni ni Safari tano, 1,100, na nusu kilo ya nyama choma na ndizi za kuchoma, 1,050. Wakati wa kurudi anasimama kwa mishkaki miwili, 200. Jumla ya siku ni 3,800, amezidisha 1,300. Jumapili anazimua kwa supu na chapati, 700, anakula mchana 600, anatazama mpira na Safari mbili, 440, na usiku kuna pilau ya 900. Hiyo ni 2,640, amezidisha 140.

Jumlisha siku tatu: 1,800. Ile akiba ya 2,000 aliyoijenga kwa siku nne imebaki 200. Kwa mwezi hizo hazifiki hata gramu 110 za mafuta, kiasi ambacho mizani ya nyumbani haiwezi kukionyesha. Tazama pia kwamba hakuna siku hata moja aliyofanya jambo la ajabu. Chupa tatu, chupa tano, chupa mbili; kwa meza nyingi za Sinza huyu ni mnywaji mstaarabu. Lakini chupa zake 10 peke yake ni kalori 2,200, na hazikuwepo kwenye hesabu yake yoyote.

Mizani nayo inamchanganya. Jumapili asubuhi akipima anaweza kujikuta mwepesi kuliko Ijumaa, kwa sababu kileo huzuia homoni inayoiambia figo itunze maji, na usiku kucha amekuwa akienda msalani. Anafurahi bure. Jumanne akipima anakuta ameongezeka kilo moja au zaidi, kwa sababu chumvi ya nyama na supu imeyarudisha maji, na wanga wa ndizi na chapati umehifadhiwa kwenye misuli pamoja na maji yake, gramu 3 hivi za maji kwa kila gramu ya wanga. Anakata tamaa bure. Namba zote mbili zinazungumzia maji.

Bonanza na misuli

Kuna kundi ambalo pombe inaliumiza kwa njia ya pili, nalo ni wale wanaofanya mazoezi makali Jumamosi na kunywa juu yake. Mabonanza ya maveterani ndiyo mfano wake: mechi asubuhi, kreti baada ya filimbi ya mwisho. Hapo pombe inakuta misuli iko katikati ya kazi ya kujikarabati.

Mwaka 2014 watafiti wa Australia, Evelyn Parr akiwa miongoni mwao, walichapisha jaribio ambalo kila veterani angefaa kulijua. Waliwafanyisha vijana wenye mazoezi kazi nzito ya kunyanyua na kuendesha baiskeli, kisha wakawapa kwa nyakati tofauti protini peke yake, protini pamoja na pombe, na wanga pamoja na pombe. Dozi ya kileo ilikuwa gramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Wakachukua vipande vidogo vya misuli na kupima kasi ya kujengwa kwa protini mpya. Ikilinganishwa na protini peke yake, kasi ilishuka kwa asilimia 24 pale walipopata protini na pombe, na kwa asilimia 37 walipokunywa pombe bila protini. Kwa hiyo kula vizuri kulisaidia kiasi, lakini hakukufuta hasara.

Dozi ile ilikuwa kubwa. Kwa mhasibu wetu wa kilo 84 ni kama Safari sita. Je, akinywa mbili? Matthew Barnes na wenzake wa Chuo Kikuu cha Massey, Nyuzilandi, waliwachosha watu misuli ya mapaja kisha wakapima nguvu zao siku zilizofuata. Gramu 1 ya kileo kwa kilo iliongeza upotevu wa nguvu. Nusu gramu kwa kilo haikuonekana kuleta tofauti. Nusu gramu kwa kilo 84 ni gramu 42, yaani chupa mbili za Safari bila kijazio. Nafahamu kwamba hizi ni tafiti zenye watu wachache, lakini kwa mtu anayetaka kujua aishie wapi baada ya mechi, sina namba bora ya kumpa.

Usingizi nao unaingia hapa. Mtu aliyekunywa hulala haraka, na ndiyo maana wengi huamini bia inasaidia usingizi. Nusu ya kwanza ya usiku ni nzito, nusu ya pili inakatikakatika: mapigo ya moyo yako juu, usingizi wa ndoto umepungua, kibofu kinamwamsha. Anaamka Jumapili akiwa amelala saa nane na bado amechoka. Anakaa kwenye kochi mchana kutwa. Kutembea kwenda sokoni, kufua, kucheza na watoto, mambo ambayo kwa kawaida yangetumia kalori mia mbili tatu, yote yanapungua bila yeye kuona. Jumatatu anafanya mazoezi chini ya uwezo wake.

Kwa anayepungua, haya yana uzito zaidi kuliko kwa asiyepungua. Mwili unaopata kalori pungufu hutoa akiba mahali pawili, kwenye mafuta na kwenye misuli. Kinachouambia uache misuli ni mazoezi ya nguvu, protini ya kutosha na usingizi. Ukiidhoofisha ishara hiyo kila Jumamosi, kilo zinazoondoka zinakuwa mchanganyiko mbaya: mtu anapungua uzito lakini kitambi kinabaki na mikono inakuwa myembamba.

Kuipangia fungu

Bajeti ya pombe inafanyika kwa wiki, kwa kuwa kwa siku haiwezekani. Mhasibu wetu ana kalori 14,000 za wiki, yaani 2,000 mara 7. Anaamua kabla ya Ijumaa, akiwa mkavu, kwamba wiki hii atakunywa chupa nne. Hizo ni kalori 880, tuseme 900 ili kuacha nafasi ya makosa. Sasa azitafute.

Kalori 500 anazitoa kwa kupunguza 100 kila siku kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa: sukari ya chai vijiko viwili asubuhi na viwili jioni ni kama 65, na kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye mboga ni 40. Zilizobaki 400 anazitoa Jumamosi yenyewe. Asubuhi anakunywa supu bila zile chapati mbili, na hapo peke yake amezipata zote.

Anapopunguza, anagusa wanga na mafuta tu. Protini haiguswi. Kwa mtu anayefanya mazoezi na kupungua, gramu 1.6 kwa kilo ya uzito ni lengo zuri, na kwake ni kama 134 kwa siku: mayai, maharage, samaki, dagaa, kuku, maziwa. Jumamosi anahakikisha sehemu kubwa ya hizo imeliwa kabla ya chupa ya kwanza.

Kosa ninalolionea huruma zaidi ni la mtu anayeshinda njaa ili bia zipate nafasi. Kwenye karatasi hesabu inakubali. Tumboni haikubali. Kileo kwenye tumbo tupu huingia kwenye damu haraka na kwa wingi, na ini lililoshughulika nacho hupunguza kazi yake ya kutengeneza sukari ya damu, ambayo mtu asiyekula anaihitaji hasa. Matokeo yake ni kutetemeka, jasho la baridi, na njaa ya saa sita usiku isiyosikiliza bajeti yoyote. Chips zege ya wakati huo, yenye mayai mawili na mafuta yake, hupita kalori 700 kirahisi, na akiba yote ya kushinda njaa imekwenda.

Kosa la pili ni kuzikusanya chupa zote za wiki na kuzimaliza usiku mmoja. Kalori hazitaona tofauti, lakini ini na misuli vinahesabu kwa saa. Chupa mbili Ijumaa na mbili Jumamosi zinaondoka kabla ya alfajiri kila usiku, na kila dozi inabaki kwenye ile nusu gramu kwa kilo. Chupa nne kwa mkupuo zinavuka gramu 1 kwa kilo, palepale ambapo watafiti wa Massey waliona nguvu inapotea.

Halafu kuna raundi. Mkikaa watu sita mezani na kila mmoja anunue raundi, umekunywa sita hata kama ulipanga mbili, na kukataa kunaonekana kama dharau. Njia ninayoiona ikifanya kazi ni kusema mapema, kabla ya mhudumu kuchukua oda ya kwanza, kwamba leo kila mtu alipie zake, au kununua raundi yako ya kwanza mapema kisha uhamie kwenye maji. Chupa ya maji kati ya bia na bia inapunguza kasi, ingawa haiondoi kalori hata moja. Kufika baa saa tatu badala ya saa moja kunaondoa chupa bila kubishana na mtu. Na nyama iagizwe kwa sahani yako. Sinia la pamoja halina mwisho unaoonekana.

Tuone alipofika. Akifuata bajeti hii kikamilifu, anabaki na upungufu wake wa 3,500. Tuseme hakufuata kikamilifu, maana nyama ya rafiki haihesabiki vizuri, na wiki imemponyoka kalori 500. Bado ana 3,000, ambazo ni karibu gramu 390 za mafuta kwa wiki, kilo moja na nusu kwa mwezi. Linganisha na gramu 110 za mwanzo. Hajaacha baa; ameacha chupa sita na chapati chache.

Wapo ambao hesabu hii haiwahusu kabisa. Anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari anaweza kushukiwa na sukari usiku akiwa usingizini, na wanaomzunguka wakadhani amelewa tu. Mjamzito, mwenye ugonjwa wa ini, anayetumia metronidazoli, na anayejijua kwamba akianza hawezi kuishia mbili, hao bajeti yao ya pombe ni sifuri. Na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kinachoweza kuitwa salama kwa afya. Namba zangu za chupa mbili zinahusu kiuno na misuli. Saratani zina hesabu yake nyingine.

Ili kujua kama mpango unafanya kazi, pima Ijumaa asubuhi, baada ya kwenda msalani na kabla ya chai, wakati maji ya wikiendi iliyopita yameshatulia na ya wikiendi ijayo hayajaanza. Linganisha Ijumaa na Ijumaa tu. Pima na kiuno kwa futi ya fundi nguo, usawa wa kitovu, pumzi ikiwa imetoka. Wiki mbili hazitoshi kuamua, nne zinatosha. Kama baada ya Ijumaa nne uzito na kiuno havijasogea, kabla hujagusa chakula cha Jumatatu rudi uhesabu chupa kwa vizibo. Vitie mfukoni kila kimoja kinapofunguliwa, uvihesabu asubuhi.